Kila kitu kikiandikwa 'DHARURA', hakuna dharura tena: Hivi ndivyo timu zinavyookoa lebo zao

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Timu ya TEHAMA ya watu wanne, kwenye kampuni yenye maduka kadhaa Dar es Salaam, inafungua orodha ya kazi. Kuna tiketi 40 zinasubiri, yaani maombi ya watu ambao kitu chao kimegoma. Kati ya hizo 40, tiketi 29 zina lebo nyekundu: DHARURA.

Ni mfano tu, lakini kama umewahi kukaa upande ule wa meza, unaujua vizuri.

Sasa piga hesabu. Kila mtu anamaliza tiketi tatu kwa siku, kwa hiyo timu nzima inamaliza 12. Dharura 29 zinataka siku mbili na nusu hivi, hapo ni kama hakuna mpya itakayoingia. Na zitaingia.

Ya kwanza kwenye foleni ni printa ya uhasibu inayotoa karatasi zenye mistari. Ya nne ni meneja aliyesahau neno lake la siri. Ya 23 ni duka la Mbagala: mashine ya risiti imegoma, muuzaji amesimama tu, wateja wanaondoka.

Ukienda kwa foleni, Mbagala watafikiwa Jumanne jioni. Lebo ya dharura iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao, lakini haikuwasaidia kitu, kwa sababu inafanana kabisa na ile ya printa.

Timu bado inachagua, ila kwa njia nyingine

Lebo ikifa, watu hawaachi kupanga vipaumbele. Wanapanga kwa vitu vingine: nani kapiga simu mara tatu, nani ni bosi, nani katuma ujumbe wa mwisho kwenye grupu la WhatsApp, nani anakaa karibu na meza yetu. Meneja aliyesahau neno la siri atahudumiwa saa mbili na dakika kumi. Muuzaji wa Mbagala hana namba ya mtu yeyote.

Halafu kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye orodha. Fundi ameanza kazi A, anaitwa kwenye dharura B, kabla hajamaliza inakuja C. Saa tisa alasiri ana kazi tatu nusunusu na hakuna hata moja iliyofungwa. Zile 12 kwa siku zinashuka, ingawa watu wamechoka kuliko jana.

Kwa nini watu wanaandika dharura? Kwa sababu inalipa

Ni rahisi kusema watumiaji ni waongo. Mimi siamini hivyo.

Chukua dada wa stoo ambaye kompyuta yake inachelewa kuwaka. Anaandika ukweli: KAWAIDA. Anasubiri wiki tatu, kwa sababu kila siku kuna nyekundu mbele yake. Mwenzake wa dirisha la pili mwenye tatizo hilohilo aliandika DHARURA na akahudumiwa keshoye. Mara ya pili unadhani yule dada ataandika nini?

Hajadanganya kwa tabia mbaya. Amejifunza kwamba hapa neno "kawaida" maana yake ni "kamwe". Na kila anayejifunza hivyo anaongeza nyekundu moja, ambayo inafanya za kijani zisubiri zaidi, ambayo inamfundisha mwingine.

Hilo ndilo kosa ambalo timu nyingi hulikosa. Zinahangaika na lebo ya juu, wakati ugonjwa umeanzia kwenye ile ya chini.

Kuongeza lebo mpya juu yake? Wamarekani walijaribu

Wazo la kwanza la kila timu ni kutengeneza lebo kali zaidi. DHARURA SANA. Au P0 juu ya P1. Inafanya kazi kwa muda mfupi, kisha nayo inajaa.

Kuna mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1940, hata kabla haijaingia kwenye Vita Kuu ya Pili, Marekani ilianza kuvipa viwanda madaraja ya kipaumbele ili kazi za jeshi zipate chuma kwanza. Daraja la juu lilikuwa A-1. Likajaa, likagawanywa kuanzia A-1-a hadi A-1-j. Haikutosha. Mwaka 1942 yakaletwa madaraja mengine juu ya hayo, AA-1 hadi AA-4, na juu kabisa AAA kwa ajili ya dharura.

Tatizo lilikuwa kwamba anayegonga muhuri hakuwa akihesabu chuma. Karatasi ya kipaumbele ilikuwa kama noti: unaweza kuchapa nyingi unavyotaka, lakini mali sokoni ni ileile. Kiwanda kinafika na daraja la juu mkononi, kinakuta wengine kibao wana daraja hilohilo na chuma kimekwisha.

Mwishoni mwa 1942 serikali ikatangaza mpango tofauti, ukaanza kutumika 1943. Kwanza hesabu chuma, shaba na alumini iliyopo. Kisha igawe kwa idara, jeshi la nchi kavu hivi, jeshi la maji hivi, na kila idara ipange yenyewe ndani ya fungu lake. Ukitaka zaidi kwa ajili ya meli, punguza kwingine.

Kwenye timu yetu ya watu wanne, chuma ni saa za kazi. Tiketi 12 kwa siku, basi.

Sasa timu inaanza wapi?

Inaanza na idadi. Timu yetu inaamua kwamba dharura zilizo wazi kwa wakati mmoja haziwezi kuzidi mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu kila dharura inamtoa mtu kwenye kazi aliyokuwa nayo, na wakitolewa watatu kati ya wanne, kazi nyingine zote zimesimama. Timu ya watu kumi inaweza kuweka tatu au nne. Muhimu namba ijulikane kabla ya Jumatatu asubuhi, siyo katikati ya kelele.

Ikija ya tatu, jibu si "hapana". Jibu ni swali: "Sawa kaka, ipi kati ya hizi mbili itoke?" Na swali hilo wanaulizwa wenye kazi, siyo fundi. Wakikaa mhasibu na msimamizi wa maduka wakitazama printa na Mbagala kwenye mstari mmoja, hawachukui hata dakika mbili.

Jambo la pili: anayeomba haandiki lebo. Anajibu maswali mawili tu kwenye fomu. Ni nini kimesimama, na kwa nani? Na kisipotengenezwa, kitaanza kuumiza lini? Mtu wa zamu anasoma majibu na kuweka lebo yeye.

Maswali haya yanatenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila siku, ukubwa na muda. Mfumo wa mishahara ukigoma tarehe 10 ni tatizo kubwa, lakini litauma tarehe 25. Linaweza kusubiri hadi kesho. Mashine moja ya risiti ni tatizo dogo, lakini linauma sasa hivi.

Hospitali zimeenda mbali zaidi kwenye hili. Mfumo wa rangi ulioanzia Afrika Kusini, unaoitwa kwa kifupi SATS, unapima kwanza: mapigo ya moyo, pumzi, joto, presha, kama mgonjwa anatembea, kama anajibu akiitwa. Namba zinajumlishwa, na pamoja na dalili chache za hatari zinatoa rangi. Nyekundu anaonwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Mwenye sauti kubwa pale mapokezi hapandi rangi kwa sauti yake.

Ona pia kwamba kijani nayo ina ahadi. Saa nne, siyo "tutaona".

Ipe 'kawaida' ahadi ya kweli

Kwangu hii ndiyo hatua inayobeba zote, na ndiyo inayorukwa. Kati ya watu wanne, mmoja kwa zamu hagusi dharura kabisa. Anachukua tiketi za kawaida, ya zamani kwanza, tatu kwa siku. Kwa wiki ya siku tano anafunga 15.

Kwenye mfano wetu kulikuwa na tiketi 11 zisizo nyekundu. Zinakwisha Alhamisi. Sasa yule dada wa stoo anaweza kuambiwa tarehe, na tarehe ikatimia. Akiona hivyo mara mbili, sababu ya kupaka nyekundu inaondoka.

Kuna gharama, tusifichane. Siku ya moto mkubwa utamtazama huyo mtu akishughulika na kompyuta inayochelewa kuwaka, na utatamani kumwita. Ukimwita kila wiki, umerudi ulikotoka.

Utajuaje kama lebo zenu zimeoza?

Tafuta dharura iliyokaa siku mbili bila kuguswa na hakuna aliyelalamika. Hiyo haikuwa dharura. Hesabu ziko ngapi za namna hiyo. Kipimo kingine ni usiku: hii tiketi ingekuja saa nane usiku, tungemwamsha mtu? Kama jibu ni "aah, asubuhi tu," basi lebo ya juu si yake.

Wakati wa kusafisha, usipitie nyekundu moja moja ukibishana na mwenye nayo. Ondoa lebo zote 40 siku moja, tuma yale maswali mawili kwa kila mtu, na weka upya. Baadhi hawatajibu kabisa, na kutojibu huko ni jibu tosha.

Mahali ambapo mpango huu hukwama ni kwa bosi. Akipiga simu moja kwa moja kwa fundi, ile idadi ya mbili inavunjika bila mtu kuiona. Kuna kazini kwangu kwa zamani ambako tuliweka utaratibu mzuri tu, na ndani ya mwezi simu za korido zikaumaliza. Kilichosaidia kidogo baadaye ni kuandika kila ombi la namna hiyo kwenye orodha ileile, mbele ya wote, pamoja na kazi iliyotolewa kulipisha. Bosi mwenyewe alipoona Mbagala imeondolewa kwa ajili ya neno lake la siri, alipiga tena kusema yeye atasubiri.

Na kama mko wawili au watatu chumba kimoja, achaneni na lebo. Andikeni orodha moja, 1, 2, 3 mpaka chini. Kwenye orodha ya namba, vitu viwili haviwezi kukaa nafasi ya kwanza.