Barua ya kazi: sifa ziko kwenye kitenzi

Mwombaji kazi anayeandika kwa Kiswahili hujishusha mbele ya mwajiri. Hujitambulisha kuwa ni kijana wa Kitanzania, husema yuko tayari kufanya kazi yoyote atakayopangiwa, na humaliza kwa kushukuru endapo ombi lake litakubaliwa. Ofisa utumishi wa hapa anauona huo kuwa ni uungwana. Ikitafsiriwa neno kwa neno, barua hiyohiyo humwonyesha msomaji wa Kiingereza mtu asiyejua anataka nini wala anaweza nini.

Wafasiri wengi hutibu hali hiyo kwa kumwaga vivumishi: mchapakazi, mbunifu, mwenye kipaji cha pekee. Hapo ndipo barua inapoharibika, kwa sababu sifa hizo hata mvivu anaweza kujipa. Ujasiri unaotakiwa uko kwenye kitenzi, na katika kumtaja aliyetenda.

Tuseme mtunza stoo ya dawa anaomba kazi kwenye shirika la afya. Ameandika: "Kwa kushirikiana na wenzangu, tulijitahidi kupunguza dawa zinazoharibika." Kabla ya kutafsiri, mfasiri amuulize nani alifanya nini. Anajibu kwamba kupokea mzigo ilikuwa kazi ya wote, lakini leja alijaza yeye, na ni yeye aliyepanga rafu upya ili boksi linalokaribia kuisha muda litoke kwanza. Basi Kiingereza chake kibebe hivi: "Nilitunza leja ya stoo, na nilipanga rafu upya ili dawa zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza." Kujitahidi kumeondolewa, maana kwa Kiingereza huweza kusomeka kana kwamba jambo halikufanikiwa. "Nili-" imeingia pale tu alipotenda mwenyewe. Kupokea mzigo kunabaki "tulipokea".

Je, dawa ngapi ziliokolewa? Kama leja inaonyesha, tarakimu iandikwe. Kama haionyeshi, mfasiri asijazie "kwa kiasi kikubwa", maana kwenye usaili mwombaji ataulizwa ni kiasi gani. Utayari wa kufanya kazi yoyote nao utajwe kwa jina lake, kwa mfano kwenda kukaa wilayani, ikiwa ndicho anachomaanisha. Shukrani ya mwisho igeuke ombi la kuitwa kwenye usaili.

Rasimu ikikamilika, mwombaji asomewe kwa Kiswahili kile ambacho Kiingereza kinasema. Mara nyingi atashtuka. Aulizwe kama kweli ilitokea. Akijibu, "Ilitokea, ila nitaonekana najisifu," sentensi ibaki ilivyo. Hofu hiyo ni mazoea ya lugha tu. Lakini akianza kueleza kwamba leja hasa ilikuwa ya bosi wake, yeye akimshikia siku za likizo, "nilitunza" ishushwe iwe "nilisaidia kutunza", kwani huenda bosi huyohuyo ndiye mdhamini atakayepigiwa simu.