Kwa Nini Mwanaanga Hurefuka, na Mgongo Wake Hurudije Duniani

Januari 2018, mwanaanga wa Japani Norishige Kanai aliandika mtandaoni akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwamba amerefuka kwa sentimita 9. Alikuwa huko wiki tatu tu. Alisema pia kwamba ana wasiwasi kama ataenea katika kiti cha chombo cha Soyuz siku ya kurudi. Kamanda wake Mrusi, Anton Shkaplerov, hakuiamini hesabu hiyo. Kanai akajipima upya, akakuta sentimita 182. Kabla ya kuondoka duniani alikuwa na 180. Aliomba radhi hadharani, na habari ikaishia hapo kwa watu wengi.

Lakini tukio hilo linafundisha mengi, kwa sababu namba zote mbili zinatuonyesha mgongo unaweza nini na hauwezi nini. Wanaanga hurefuka kweli, na Shirika la Anga la Marekani, NASA, limelijua hilo tangu lilipowapima wanaanga wa kituo cha Skylab miaka ya 1973 na 1974. Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni hadi asilimia 3 ya kimo. Kwa mtu wa sentimita 180 hiyo ni sentimita 5 na kidogo. Sentimita 2 za Kanai ziko ndani ya mpaka huo. Sentimita 9 ni asilimia 5, na Shkaplerov alikuwa na haki ya kushuku.

Miguu hairefuki, wala mapaja. Kinachobadilika ni uti wa mgongo. Kati ya pingili zake kuna diski 23, na kwa mtu mzima mrefu, ukizipanga diski hizo peke yake moja juu ya nyingine, zinafika sentimita 15 hivi. Ili Kanai apate sentimita 9 kutoka kwenye diski tu, kila moja ingelazimika kuongezeka unene kwa zaidi ya nusu. Diski haiwezi kufanya hivyo, na sababu iko katika umbile lake.

Katikati ya diski kuna ute mzito wenye molekuli zinazopenda sana maji. Ute huo huyavuta maji kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake na kutaka kuvimba, kama maharage yaliyolowekwa usiku. Pembeni umezungushiwa pete ya nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na pete hiyo ndiyo inayouwekea ute mpaka. Mtu akisimama, uzito wa kichwa, mikono na kiwiliwili hukandamiza diski, na maji hutoka polepole. Akilala, mzigo hupungua na maji hurudi. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, kwa hiyo chakula chake nacho huingia kwa kupenya kutoka kwenye mifupa iliyo jirani.

Wewe unayesoma unaishi na jambo hili kila siku. Asubuhi unapoamka una kimo kikubwa kuliko jioni, kwa takriban asilimia 1, yaani sentimita moja hadi mbili kwa mtu mzima. Na zaidi ya nusu ya kimo hicho cha ziada hupotea ndani ya saa ya kwanza baada ya kusimama. Anayetaka kulinganisha urefu wa mtoto wake mwezi hadi mwezi ampime saa ileile ya siku, la sivyo atakuwa anapima maji ya diski.

Angani asubuhi hiyo haiishi. Si kwamba mvutano wa dunia haufiki huko. Kituo kinazunguka kilomita 400 hivi juu yetu, na mvutano mahali hapo bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa huku chini. Ila kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja kuizunguka dunia bila kukoma, hivyo sakafu haimsukumi mtu na kichwa hakilemei shingo. Diski hupoteza mzigo wa mchana, zinavuta maji, na ndani ya siku chache za mwanzo kimo kinapanda. Kisha kinasimama, kwa sababu nyuzi za pete zimekazika na haziruhusu zaidi.

Nusu ya pili ya maelezo ni mkunjo. Mgongo wetu umepinda: unaingia ndani shingoni, unatoka nje kifuani, unaingia tena kiunoni. Mkunjo wa kiuno huhifadhiwa kwa sehemu na misuli iliyo karibu kabisa na pingili, inayofanya kazi muda wote tunaposimama bila sisi kujua. Angani misuli hiyo haina cha kushikilia. Mkunjo unanyooka, na kitu kilichopinda kikinyooka ncha zake huachana. Mwili wenyewe huelea ukiwa umekunja kidogo magoti na nyonga, mikono ikiwa mbele. Ndiyo maana kujipima huko ni kazi ngumu: hakuna kusimama wima wala uzito wa kukanyagisha nyayo sakafuni, na mtu asiponyooshwa vizuri ukutani kipimo kinatoka na makosa.

Kwa miaka mingi diski ndizo zilizopewa karibu sifa yote. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiwemo Douglas Chang na Alan Hargens, waliwapiga wanaanga sita picha za MRI kabla ya safari za miezi minne hadi saba, na tena mara baada ya kurudi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliwashangaza wengi. Diski hazikuonyesha uvimbe wa kueleweka. Kilichobadilika ni misuli ya kando ya uti wa mgongo, ambayo ukubwa wake ulipungua kwa asilimia 19. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mkunjo wa kiuno ulikuwa umepungua kwa asilimia 11 hivi, na misuli ilipozidi kudhoofika, kiuno nacho kilizidi kunyooka.

Ni kweli kwamba picha hizo zilipigwa wanaanga wakiwa tayari duniani, na maji ya diski hayangoji mtu afike kwenye mashine. Hata hivyo naona utafiti huo uliweka uzito mahali panapostahili. Diski hutoa sehemu ya kimo cha siku za mwanzo, lakini hadithi ya miezi sita ni ya misuli.

Maumivu yanakuja pamoja na kimo. Zaidi ya nusu ya wanaanga huumwa mgongo, hasa siku za kwanza, wengi kwa kiasi kidogo, na sehemu ya chini ya kiuno ndiyo inayolalamika zaidi. Walichogundua wenyewe ni kukunja magoti hadi kifuani na kukaa hivyo kwa muda. Mkao huo hupunguza maumivu kwa wengi wao.

Wasiwasi wa Kanai kuhusu kiti ulikuwa na msingi. Katika Soyuz kila mtu ana kiti chenye kitako kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wake, kwa plasta, kabla ya safari. Mafundi huacha nafasi juu ya kichwa kwa ajili ya urefu utakaoongezeka. Kimo cha mtu akiwa amekaa ndicho kinachohusika hapo, na NASA imepima ongezeko la hadi asilimia 6 katika kimo hicho, kwa kuwa miguu haiingii kwenye hesabu. Chombo kinapoingia kwenye hewa ya dunia, mwili unakandamizwa kwa mara nne hivi ya uzito wa kawaida. Baadaye kinagonga ardhi ya Kazakistani hata kama roketi ndogo za kupunguza kishindo zimewaka. Mgongo usiokaa sawasawa kwenye kitako chake unaweza kuumizwa na kishindo hicho.

Baada ya kutua, kimo hakikawii kushuka. Scott Kelly alirudi Machi 2016 baada ya siku 340 angani, akiwa amerefuka kwa karibu sentimita 4. Ndugu yake pacha, Mark, alikuwa amebaki duniani, na ndani ya siku mbili hivi Scott alikuwa amerudi kwenye kimo chake. Hakuna dawa iliyotumika. Alisimama, alikaa, alitembea, na uzito wake mwenyewe ukayakamua maji na kuurudisha mgongo chini ya mzigo.

Hapo ndipo watu wengi hudhani mgongo umepona. Haujapona. Misuli ile iliyopungua kwa asilimia 19 ilikuwa imerudisha theluthi mbili tu ya kilichopotea wanaanga walipopimwa tena mwezi mmoja hadi miwili baadaye. Katikati ya kimo kilichorudi upesi na misuli inayochelewa kuna kipindi cha hatari. Wanaanga hupata tatizo la diski kuchomoka mara nne zaidi ya watu wanaofanana nao ambao hawakuruka, na hatari iko juu zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya safari, shingoni kuliko kiunoni. Dalili yake ni maumivu yanayoshuka mkononi au mguuni, ganzi, au kiungo kulegea. Mwanaanga mwenye dalili hizo haambiwi avumilie eti ni uchovu wa safari.

Kwa hiyo NASA huwapa wanaorejea programu ya siku 45, saa mbili kila siku: kunyoosha viungo, mizani ya mwili, kisha mazoezi ya kuamsha misuli ya ndani ya kiuno na tumbo kabla ya kubeba vizito. Angani pia wana mashine ya kuvuta vizito inayoweza kuiga kilo zaidi ya 250, lakini mashine hiyo huimarisha mapaja na misuli mikubwa kuliko ile midogo inayoshika pingili. Shirika la Anga la Ulaya limejaribu vazi la kubana linalovuta mabega kuelekea nyayo. Andreas Mogensen wa Denmaki alilivaa kituoni mwaka 2015.

Tatizo hili litakuwa kubwa zaidi katika safari ya Mirihi, inayochukua miezi sita au zaidi kwa kwenda tu. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa dunia, na pale watakapotua hakutakuwa na timu ya kuwatoa kwenye chombo na kuwabeba, kama inavyofanyika Kazakistani. Watalazimika kuinuka wenyewe na kuanza kubeba vifaa. Kimo chao kinaweza kuachwa kijirekebishe. Misuli ya mgongo lazima ifike huko ikiwa na nguvu, na hadi leo hakuna zoezi lililothibitika kuilinda kikamilifu.