Injini kuukuu ya mashine ya kusaga: itunzwe au iuzwe?

Injini ya dizeli inayozungusha mashine ya kusaga unga haifi siku moja. Huanza kwa kuwa nzito kuwaka asubuhi. Baadaye hutoa moshi wa buluu, kwa kuwa ringi zimelika na oili inapenya kwenda kuungua juu ya pistoni. Nguvu hupungua, na gunia lililokuwa likisagwa mara moja likawa linakula dizeli zaidi na muda zaidi. Kila hatua ina dawa yake: ringi mpya, nozeli mpya, kuchonga kranki, kubadilisha kichwa cha silinda. Fundi hatafika siku ya kusema kwamba injini haitengenezeki, na wamiliki wengi huendelea kuitengeneza hadi wanachoka, au huiuza kwa hasira wiki ambayo imewaangusha.

Kuna njia ya kuamua isiyotegemea hasira wala mazoea. Wahandisi na wahasibu huiita hesabu ya gharama linganifu ya mwaka. Mchumi wa Marekani George Terborgh, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu sera ya mitambo, aliipa sura ya pambano: mashine iliyopo ni bingwa mtetezi, na mashine mpya ni mpinzani anayetaka taji. Sura hiyo imedumu vitabuni hadi leo, kwa sababu inakumbusha kwamba mashine haihukumiwi kwa umri wake. Hupimwa dhidi ya mpinzani aliyepo sokoni leo, kwa bei ya leo.

Ugumu wa kuzilinganisha unatokana na jinsi gharama zilivyopangika. Injini mpya humeza fedha nyingi siku ya kununuliwa, kisha hutulia miaka kadhaa. Injini kuukuu haidai fedha ya kununua, ila inadai kidogokidogo bila kukoma. Tena mpya inaweza kufanya kazi miaka mingi, ilhali kuukuu labda imebakiza mmoja au miwili. Kwa hiyo kila upande hugeuzwa kuwa kiasi kimoja cha mwaka, kama kodi ya pango: mwenye mashine angekuwa anaikodi injini hii kwa kodi ileile kila mwaka, ingekuwa shilingi ngapi? Kodi mbili zikishapatikana, hulinganishwa.

Chukuliwe mfano wa mashine ya kusaga kijijini Tanzania, inayofanya kazi saa 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Tarakimu zote hapa ni za kielelezo. Injini mpya inauzwa shilingi 6,000,000. Mwenye mashine akiiuza baada ya miaka 5 atapata 1,900,000. Kwa haraka haraka mtu hutoa, akabaki na 4,100,000, akagawa kwa 5 na kusema injini inamgharimu 820,000 kwa mwaka. Hapo amesahau kwamba fedha ina bei yake. Milioni 6 zilizolala kwenye injini zingeweza kuzaa kwingine, au zimekopwa na zinadaiwa riba. Riba ikiwa asilimia 15, kiasi cha mwaka hupatikana kwa fomula ambayo programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta au simu inaifahamu:

```
=PMT(0.15, 5, -6000000, 1900000)
```

Jibu ni takriban 1,508,000, karibu mara mbili ya lile la kugawa tu. Tarakimu ya kwanza kwenye mabano ni riba, ya pili ni miaka, ya tatu ni bei ya kununulia, ya nne ni bei ya kuuzia mwishoni.

Bado haijaguswa gharama ya kuiendesha. Dizeli ambayo injini zote mbili zingeichoma kwa kiasi kilekile huachwa nje, maana haibadilishi uamuzi. Yanayoandikwa ni matengenezo, mafuta yanayozidi kadiri injini inavyochakaa, na siku za kusimama. Tuseme kwa injini mpya ni 200,000 mwaka wa kwanza, 400,000 wa pili, 700,000 wa tatu, 1,000,000 wa nne na 1,400,000 wa tano. Kila kiasi kikipunguzwa kwa riba kufikia thamani ya leo, kisha jumla ikisambazwa tena kwa miaka 5, hupatikana kama 658,000 kwa mwaka. Kodi ya injini mpya kwa hiyo ni 1,508,000 na 658,000, yaani 2,166,000.

Kwa nini miaka 5 na si 3 au 10? Idadi hiyo nayo hutafutwa kwa hesabu. Injini ikiuzwa mapema, mmiliki anameza anguko kubwa la bei linalotokea mwanzoni: katika mfano huu, kuiuza baada ya mwaka 1 kwa 4,200,000 kungefanya kodi ifike 2,900,000. Ikikaa mno, matengenezo yanapanda na kuivuta kodi juu tena. Katikati kuna mwaka ambao kodi iko chini kabisa, na huo ndio umri wa kiuchumi wa injini. Hapa ni mwaka wa 5. Lakini bonde hilo ni pana na tambarare: kwa bei za kuuzia zilizokadiriwa, miaka 4 inatoa kama 2,169,000 na miaka 6 kama 2,191,000. Kukosea mwaka mmoja kunagharimu shilingi 25,000 hivi, chini ya bei ya pipa la maji. Anayejisumbua kutafuta mwaka kamili kwa mpinzani anapoteza muda. Kinachohitaji macho ni upande wa bingwa.

Huko ndiko makosa mengi yanakotokea, na la kwanza ni kuingiza bei ya zamani. Injini kuukuu ilinunuliwa miaka 8 iliyopita kwa 3,500,000, na mwaka jana ilikula 900,000 za kranki. Fedha hizo zimekwisha kutoka na hazirudi kwa uamuzi wowote. Wazo kwamba injini isiuzwe kwa sababu imekula fedha juzi tu halimo katika hesabu, hata liwe na uchungu kiasi gani. Linaloingia ni lile ambalo mnunuzi angelipa leo. Ikiwa mtu yuko tayari kuichukua kwa 1,200,000, basi kuibakisha ni sawa na kuinunua leo kwa 1,200,000. Ikitarajiwa kuuzwa mwakani kwa 900,000, kuishikilia mwaka mmoja kunagharimu 1,200,000 pamoja na riba ya 180,000, kutoa 900,000: jumla 480,000.

Sasa gharama ya kuiendesha. Injini mpya inachoma lita 2 kwa saa, kuukuu lita 2.3. Tofauti haionekani kwenye chupa, lakini kwa saa 1,200 za mwaka ni lita 360, na dizeli ikiwa 3,000 kwa lita, ni shilingi 1,080,000. Kipimo hiki hakihitaji kifaa: tangi hujazwa hadi alama, mashine husaga saa kamili, kisha hupimwa kiasi kinachohitajika kurudisha mafuta kwenye alama ileile. Matengenezo yanakadiriwa 450,000. Ukijumlisha na 480,000, bingwa anadai 2,010,000 kwa mwaka ujao. Mpinzani anadai 2,166,000. Bingwa anabaki na taji.

Ila kuna kitu hakijaandikwa. Injini kuukuu huanguka siku 12 kwa mwaka, na kwa kawaida huanguka msimu wa mavuno inapofanyishwa kazi kubwa. Siku hizo wateja hubeba debe zao kwenda mashine ya jirani, na mmiliki hukosa faida ya 20,000 kwa siku. Hazimo kwenye risiti ya fundi, kwa hiyo hazimo kichwani mwa mtu. Zikiongezwa, 240,000, bingwa anafika 2,250,000 na kushindwa. Daftari la siku za kusimama, hata la mistari miwili kwa wiki, lina thamani kuliko fomula.

Kushindwa kwa mwaka mmoja pekee bado hakutoshi, kwa kuwa bingwa ana mbinu nyingine: oveholi. Fundi anasema kwa 1,500,000 ataweka slivu, pistoni, ringi na beringi mpya, na injini itasukuma miaka 3. Hesabu inafanywa upya kana kwamba imenunuliwa leo kwa 2,700,000, itauzwa mwishoni kwa 800,000, na matengenezo, mafuta ya ziada na siku za kusimama yatakuwa 700,000, kisha 900,000, kisha 1,200,000. Kodi yake inatoka kama 1,862,000, chini ya zote mbili. Kila kitu sasa kinasimama juu ya neno la fundi. Oveholi ikidumu miaka 2 tu, kodi ni kama 2,082,000 na bado inalipa. Ikivunjika baada ya mwaka 1, ni 3,005,000, na hapo ingekuwa nafuu kuwa na injini mpya tangu mwanzo. Ishara za oveholi mbovu hujitokeza mapema: kipimo cha oili kikishuka kwa haraka ndani ya miezi ya kwanza, au mvuke wa oili ukitoka kwa nguvu kwenye tundu la kupumulia la injini, ringi hazijakaa sawasawa kwenye slivu, na miaka 3 haitafika.

Tarakimu yenye nguvu kuliko zote ni riba. Mmiliki akikopa kwa asilimia 25, kodi ya injini mpya inapanda hadi takriban 2,600,000, kwa sababu karibu fedha yake yote hutoka mwanzoni. Bingwa asiyefanyiwa oveholi, na siku zake 12 za kusimama, anapanda hadi 2,370,000 tu. Jibu lililokuwa kuuza linageuka kuwa kubakisha. Wamiliki wawili wenye injini zinazofanana kijijini wanaweza kwa haki kabisa kuamua tofauti, mmoja ana akiba na mwingine anategemea mkopo.

Hesabu hii ina masharti yake. Injini zote mbili lazima ziwe zinafanya kazi ileile. Mpya ikiwa na nguvu za kusaga maradufu lakini wateja ni walewale, nguvu hizo hazina thamani kwa mmiliki. Bei za dizeli na vipuri zikikadiriwa kwa shilingi za leo, riba nayo ipunguzwe kwa kiasi cha mfumuko wa bei, la sivyo injini mpya itaonekana ghali kuliko ilivyo. Na nguzo za umeme wa njia tatu zikitarajiwa kufika kijijini ndani ya miaka 2, mpinzani wa kweli si injini mpya ya dizeli tena, ni mota. Hapo injini mpya haiwezi kupewa miaka 5: inapewa miaka 2, na kodi yake inapanda hadi takriban 2,400,000. Bingwa aliyefanyiwa oveholi ya miaka 2, kwa 2,082,000, anamsubiri mota akiwa bado na taji.