Mkono wa koti: upunguzwe chini au begani?

Kwenye meza za makoti ya mtumba pale Mchikichini, Ilala, wanunuzi wengi huangalia mabega na kifua, kisha husema mikono itapunguzwa na fundi. Mara nyingi ni kweli. Ila kabla ya kutoa hela, geuza ncha ya mkono uangalie vifungo. Jaribu kukifungua kimoja. Kikigoma, yale matundu ni urembo wa uzi tu, na kazi itakuwa nyepesi. Kikifunguka, matundu yamekatwa kweli kwenye kitambaa, na tundu lililokatwa halihamishiki.

Tuanze na matundu ya urembo. Fundi hufungua bitana, hutoa vifungo, hufumua ule uzi na kuunyoosha mkono kwa pasi ya mvuke. Kisha hukunja pindo jipya na kurudisha vifungo kwa umbali ule ule kutoka ukingoni, kwa kawaida kati ya sentimita 3 na 4. Kinachombana ni mpasuo. Tuseme mpasuo una sentimita 10 na mkono unapunguzwa 3. Mpasuo unabaki na 7. Vifungo vinne vilivyoachana sentimita moja na nusu, cha kwanza kikianza 3 na nusu, vitakipeleka cha nne kwenye 8, juu ya mwisho wa mpasuo. Hapo fundi mzuri hutoa kifungo kimoja, na hakuna atakayekihesabu. Tena, mkono huwa mwembamba kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ukikatwa chini mdomo wake hupanuka kidogo. Sentimita 2 au 3 hazionekani. Zikizidi, mshono wa nyuma ubanwe kidogo.

Sasa chukua koti lenye matundu ya kweli, mikono imezidi sentimita 4, na tundu la kwanza liko sentimita 4 kutoka ukingoni. Ukizikata zote chini, tundu litakaa kwenye mkunjo wenyewe. Ukikata 1, linabaki kwenye 3 na koti bado linapendeza. Zaidi ya moja na nusu, jicho linaanza kuona kuwa vifungo vimeporomoka. Zile 3 zilizobaki zitoke begani.

Kazi ya begani ni nyingine kabisa, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya chini. Fundi huweka alama za uzi mkononi na kwenye tundu la bega ili ajue mkono ulielekea wapi, kisha huufumua mkono mzima pamoja na bitana na pamba ya begani. Halafu huchora kichwa kile kile cha mkono, chenye upinde ule ule, sentimita 3 chini zaidi. Chote kinashuka, hata sehemu ya kwapani. Fundi mvivu hukata juu tu na kuacha kwapa lilivyo. Kichwa kinakuwa kifupi, na ukishusha mkono mikunjo ya mshazari inatokea kuelekea kwapani. Hiyo pasi haiitoi.

Mpaka wa kazi hii uko kwenye mzingo. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kuliko tundu la bega, na ziada hiyo husinyazwa kwa uzi na mvuke ili bega lijae kwa mviringo. Tuseme tundu lina sentimita 50 na kichwa 53 na nusu. Kwa kuwa mkono unapungua upana ukishuka, kuchora sentimita 3 chini hupoteza karibu sentimita 1 ya mzingo. Ziada ya 2 na nusu bado inatosha. Ukishusha 5 au 6 ziada inapungua mno: bega linalala bapa na msuli wa mkono unabanwa. Fundi anaweza kuachia mshono wa nyuma wa mkono kama kuna akiba ya kitambaa ndani, na ndiyo maana aangalie akiba hiyo kabla ya kukupa bei. Mimi nisingevuka sentimita 4 begani.

Mkono ukisharudishwa kwa bandi, livae koti juu ya shati utakalolivalia na uache mikono ining'inie. Shati lichungulie sentimita 1 hadi moja na nusu. Pima mikono yote miwili, maana watu wengi hawalingani. Vijikunjo vidogo kuzunguka bega maana yake ziada haijasinyaa vizuri. Sema wakati huo, cherehani ikishapita ni kufumua upya.

Kitambaa cha mistari ya wima hakisumbui begani. Cha miraba kinasumbua, kwa sababu mistari ya kulala ya mkononi imelinganishwa na ya kifuani, na ukipandisha mkono inaachana. Italingana tena endapo tu umepandisha mraba mzima. Mraba wa sentimita 3 ni bahati yako. Wa sentimita 6 ukiwa pamoja na matundu ya kweli, lirudishe koti kwenye hanga.