Tarumbeta Juu ya Garimoshi

Mwezi Juni 1845, kwenye reli ya kutoka Utrecht kwenda Amsterdam nchini Uholanzi, garimoshi lilipita karibu na kijiji cha Maarssen likiwa limebeba wapiga tarumbeta. Kazi yao ilikuwa moja tu: kushikilia noti ileile bila kuiyumbisha. Kando ya reli walisimama wanamuziki wengine wenye masikio makali, wakiandika noti waliyoisikia garimoshi likija, kisha ile waliyoisikia likishapita.

Aliyepanga shughuli hiyo ni mwanasayansi kijana, Christophorus Buys Ballot. Miaka mitatu nyuma, huko Praha, Mwaustria Christian Doppler alikuwa amedai kwamba mwendo wa chanzo cha mawimbi, au wa mpokeaji wake, hubadilisha idadi ya mawimbi yanayofika kila sekunde. Doppler alikuwa akiwazia rangi za nyota. Buys Ballot hakuridhika na hoja ya nyota, akaona afadhali jambo lenyewe lijaribiwe kwa sauti. Alijaribu kwanza Februari, baridi ikamshinda: tarumbeta ikipoa, hewa iliyomo ndani yake hupeleka sauti polepole zaidi, na noti hushuka hata kama garimoshi limesimama.

Majira ya joto mambo yalikwenda. Garimoshi likija, noti ilisikika juu kidogo kuliko ile iliyopigwa. Likienda zake, ilisikika chini. Waliokuwa ndani ya garimoshi hawakusikia badiliko lolote katika tarumbeta zao wenyewe.

Sababu yake inaonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Tuseme tarumbeta inatoa mapigo 400 kwa sekunde, na sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Garimoshi likisimama, kila wimbi litakuwa sentimita 85 mbele ya linalolifuata. Sasa garimoshi liende mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Kati ya pigo moja na jingine tarumbeta yenyewe inasogea sentimita 5 kulifuata wimbi lililokwisha kutoka. Wimbi halisukumwi liende kasi zaidi, maana kasi yake huamuliwa na hewa. Kinachopungua ni nafasi: mawimbi yanabanana, sentimita 80 badala ya 85, na sikio la aliyesimama mbele linapokea mapigo 425. Kwenye kinanda, hiyo ni kama kutoka kitufe cheupe kwenda cheusi kilicho jirani.

Buys Ballot aligeuza pia mpangilio: wapigaji wakabaki chini, wasikilizaji wakapanda garimoshi. Hapa tarumbeta haisogei, kwa hiyo mawimbi hayabanani hata kidogo. Yamebaki na sentimita zake 85. Ila msikilizaji anayakimbilia. Kila sekunde anakutana na mawimbi yaliyojaza mita 340, na juu yake yale ya mita 20 alizosogea mwenyewe. Gawa mita 360 kwa sentimita 85, utapata mapigo 423 na nusu hivi.

Mapigo 425 na 423 na nusu: hakuna mwanamuziki kando ya reli yenye kelele za injini ambaye angezitofautisha. Lakini si kitu kimoja.

Kabla ya hapo, kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya. Husema king'ora cha ambulensi hupanda noti kadiri gari linavyokaribia. Sivyo. Kinachopanda ni ukubwa wa sauti. Gari likija kwa kasi isiyobadilika, likikuelekea moja kwa moja, noti yake iko juu tangu mbali na inabaki palepale. Ukiwa umesimama pembeni mwa barabara, noti huanza kushuka hata kabla gari halijakufikia, kwa sababu linazidi kupita ubavuni badala ya kukujia. Upepo nao husingiziwa bure: gari likiwa limesimama na wewe umesimama, upepo unaovuma sawasawa haubadilishi noti.

Tofauti ya kati ya anayepiga na anayesikiliza hujitokeza wazi mwendo ukiongezeka. Tarumbeta ileile ikikujia kwa nusu ya kasi ya sauti, utasikia mapigo 800. Wewe ukiifuata kwa kasi hiyohiyo, utasikia 600. Na wakikimbiana kwa kasi kamili ya sauti? Tarumbeta ikikukimbia, mawimbi yake yatavutika yawe marefu maradufu, na utapata mapigo 200. Ukiikimbia wewe, kila wimbi linalotoka litabaki nyuma yako kwa umbali uleule, lisikufikie kamwe, na hutasikia chochote.