Baada ya usaili, mwandikie meneja uliyeanza naye kazi

Ukisailiwa kupandishwa cheo na meneja mliyeanza naye kazi, usimvizie kijiweni kumuuliza matokeo. Mwandikie kesho yake.

Tuchukue mfano wa msimamizi msaidizi wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, katika shamba moja wilayani Korogwe. Ameulizwa tani moja ya majani hutoa nyuzi kiasi gani, akajibu sawasawa: takriban kilo 40. Lakini amesahau kueleza atajuaje kwamba nyuzi zinapotea. Barua yake izibe pengo hilo:

“Ndugu Meneja, nashukuru kwa usaili wa jana. Naomba kuongeza jibu moja. Kila asubuhi nitakagua makapi yanayotoka kwenye korona. Nikiona nyuzi ndefu, nitasimamisha mashine na kumwita fundi arekebishe visu. Nasubiri uamuzi kwa utaratibu wa kawaida.”

Hapo hakuna “kaka”, ingawa ndivyo waitanavyo wakinywa kahawa. Barua hukaa kwenye jalada, na wasaili wengine wanaweza kuisoma. Neno la urafiki litamfanya meneja ashindwe kukutetea bila kushukiwa upendeleo.

Tena, usiahidi usichoweza kukitekeleza. Cheo kikija, utapimwa kwa barua hiyo hiyo.