Kuokoa Mazungumzo ya WhatsApp Kabla ya Kubadili Kioo cha Simu

Kioo cha simu kinapopasuka, huharibika tabaka zilizobandikwa pamoja, yaani kioo cha juu, utando wa mguso ambao mafundi huuita tachi, na paneli inayotoa picha. Mazungumzo ya WhatsApp hayakai humo, bali hukaa katika chipu ya kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye bodi, na kwa hiyo simu ambayo bado inaita na kutetemeka, ingawa haiitikii kidole, kwa kawaida bado ina kila kilichoandikwa ndani yake.

Kizuizi halisi ni kufuli. Simu za Android zilizotoka kiwandani zikiwa na toleo la 10 au la baadaye hufunga data za mtumiaji kwa usimbaji fiche, yaani hugeuza data kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo, na kila simu inapowashwa upya ufunguo huo hupatikana tu baada ya namba ya siri kuandikwa. Alama ya kidole peke yake haitoshi. Ndiyo maana simu iliyopasuka haifai kuzimwa wala kuachwa iishiwe chaji. Mtu akiiunganisha na kompyuta, akaona jina la simu lakini folda yake ni tupu, asidhani kwamba data zimepotea, kwa kuwa hiyo ni dalili ya simu ambayo bado imefungwa au imewekwa katika hali ya kuchaji tu.

Ichukuliwe simu ya Android ambayo picha yake bado inaonekana, ila tachi imekufa kabisa, na ambayo mwenyewe hakuwahi kuruhusu mipangilio yoyote ya wasanidi programu. Kwa simu nyingi za namna hii, programu ya bure iitwayo scrcpy inaweza kuifanya kompyuta ijitambulishe kwa simu kama kibodi na kipanya, kupitia waya uleule wa USB, bila simu kuhitaji ruhusa ya awali. Amri yake ni hii:

```
scrcpy --otg
```

Dirisha likifunguka na kubofywa, mshale wa kipanya hutokea juu ya kioo cha simu chenyewe, namba ya siri huandikwa kwa kibodi ya kompyuta na kufuatiwa na Enter, na anayetaka kukirudisha kipanya kwenye kompyuta hubonyeza Alt ya kushoto. Baada ya hapo hufunguliwa WhatsApp, kisha Settings, Chats, Chat backup, na kubofya Back up, kwa sababu nakala ya akiba inayojitengeneza yenyewe hutengenezwa usiku na haina mazungumzo ya mchana huo. Mwisho, katika taarifa ya USB inayoteremka juu ya skrini, huchaguliwa File transfer. Dirisha la scrcpy huenda likafungika wakati huo kwa kuwa muunganisho unaanza upya, na hilo si kosa.

Folda ya kunakili kwenye kompyuta ni hii, pamoja na picha na sauti zilizo ndani yake:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp
```

Ndani ya Databases lazima liwepo faili linaloanza na msgstore.db.crypt, lenye tarehe na saa ya sasa na ukubwa usio sifuri. Bila hilo kazi haijakamilika. Faili hilo nalo limefungwa, hivyo halisomeki kwenye kompyuta. Linarudishwa kwa kuwekwa katika njia ileile kwenye simu nyingine ya Android kabla ya kuanzisha WhatsApp kwa namba ileile ya simu, na aliyewahi kuweka nywila au ufunguo wa tarakimu 64 kwenye nakala zake atatakiwa kuuleta. Ujumbe mfupi wa kawaida, yaani SMS, haumo katika folda hiyo.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, kazi ni ngumu zaidi. Baadhi ya simu, kama Galaxy S8 na nyingi za mfululizo wa S zilizofuata, hutoa picha kwenye runinga kupitia tundu la USB-C na kiunganishi cha HDMI, lakini simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo. Kwa hizo, njia salama ni kubadilishiwa kioo kwanza, kwani kubadili kioo peke yake hakugusi kumbukumbu. Kinachoua mazungumzo ni kuflashi au kurudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa sababu ufunguo wa usimbaji hufutwa na hakuna fundi awezaye kuurejesha. Basi mwenye simu amwambie fundi waziwazi, kabla hajaiacha mezani, kwamba simu hiyo ibadilishwe kioo tu na isiflashiwe.